Pua haipimi: slaidi 18 za bodi zilivyogeuzwa mazungumzo ya watu saba

Slaidi ya tisa ilisomeka hivi: “Kutozingatiwa kwa taratibu za upimaji katika vituo vya upokeaji kulipelekea ongezeko la kiwango cha maziwa yaliyokataliwa kwa kipindi tajwa.” Niliirudia mara tatu nikimtafuta mtu ndani yake, sikumpata. Hakuna aliyepima, hakuna aliyeacha kupima, hakuna aliyekataa maziwa. Kuna kutozingatiwa na kuna ongezeko, basi.

Mwenye slaidi ni meneja wa kituo cha kukusanyia maziwa wilayani Rungwe, si mbali na Tukuyu mjini. Alizitengeneza 18 kwa ajili ya kikao cha bodi ya ushirika wao, na huko zilipita vizuri. Wiki mbili baadaye akataka kuketi na watu wake saba: wapokeaji watano wa vituo vidogo, dereva wa pikapu, na dada anayeosha keni na kuangalia tangi la kupozea. Akanipigia simu. “Kaka, zile slaidi nigeuzie ziwe za kuongea. Hawa ni watu wangu, sitaki kuwasomea kama hakimu.” Akanipa siku tatu, na muda wa kikao ungekuwa dakika 40, maziwa ya asubuhi yakishaingia kwenye tangi.

Nieleze kwanza hali yenyewe, maana bila hiyo maneno hayana pa kushika. Wafugaji huleta maziwa vituo vidogo alfajiri. Mpokeaji huyapima kwa njia mbili. Laktomita humwonyesha kama yameongezwa maji: maziwa halisi husoma kati ya 26 na 32, na yakitiwa maji usomaji hushuka. Kisha alkoholi: anachanganya maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa kwenye kichupa, anatikisa kidogo, anatazama. Yakifanya vipande vipande ukutani mwa kichupa, hayatastahimili moto kiwandani, kwa hiyo hayapokelewi. Yanayofaulu humiminwa kwenye keni pamoja na ya wafugaji wengine, na hapo ndipo hatari ilipo. Lita tatu zilizoanza kuchacha zikiingia kwenye keni ya lita 50, keni nzima itakataliwa kituo kikuu.

Mwezi uliozungumziwa na slaidi, kituo kilipokea lita 16,800 na kukataa 2,380. Kwenye slaidi iliandikwa asilimia 14.17.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa bovu, nami nalileta hapa kwa sababu wengi wangefanya vilevile. Nilidhani kazi ni kupunguza ugumu wa maneno. Ukurasa wa mbele uliokuwa na “Waheshimiwa wajumbe, itifaki imezingatiwa” niliubadilisha ukawa “Mambo vipi, timu yetu!” Nikapachika “jamani” sehemu nne. “Ni marufuku kupokea maziwa yaliyohifadhiwa katika madumu ya plastiki” ikawa “Jamani, tujitahidi kupunguza madumu ya plastiki.” Na ile slaidi ya tisa nikaifanya: “Tulikosea kidogo kwenye kupima, maziwa mengi yakarudi.” Nikamtumia meneja, nikajiona nimemaliza.

Meneja alisoma akacheka, halafu akasema kwa upole, “Yule mpokeaji wa juu kule ana umri wa baba yangu. Nimwambie mambo vipi?”

Hiyo ya salamu ilikuwa rahisi kurekebisha: niliifuta, nikaacha ukurasa wa mbele bila salamu yoyote. Salamu ya kikao cha watu saba haiandikwi ukutani. Meneja angeingia, angeanza na shikamoo kwa mzee, angemaliza na wadogo, kisha wangekunywa chai. Nilikuwa hata nimefikiria kuandika “Ugonile” ili kukaribia Kinyakyusa, lakini dada wa keni anatoka Njombe na dereva ni mtu wa Dodoma. Neno la kuwakaribisha watano lingewaacha wawili mlangoni.

Tatizo kubwa lilikuwa “tulikosea”.

Kiswahili hakikuruhusu kuficha mtu kirahisi. Kitenzi cha kawaida huanza na mtendaji wake: nilichelewa, tulichelewa, mlichelewa, walichelewa. Ukitaka kumficha, una milango miwili tu ya kawaida. Mmoja ni kukigeuza kitenzi kuwa jina, ndipo tunapata upimaji, ucheleweshaji, utekelezaji. Mwingine ni kutendwa: ilibainishwa, ilielekezwa, hazikuzingatiwa. Lugha ya ofisi zetu inaishi ndani ya milango hiyo miwili. Kwa hiyo anayegeuza maandishi ya bodi kuwa mazungumzo anamrudisha mtu kwenye kitenzi, apende asipende, na lazima achague ni yupi. Kila kiambishi anachochagua ni dai juu ya ukweli. Mimi nilichagua “tu” kwa kuwa inasikika ya kindugu, bila kujua nani hasa alikosea.

Nikampigia tena. “Nani hakupima?”

Kimya kifupi. Kisha akaeleza. Katikati ya mwezi alkoholi iliisha vituoni. Wapokeaji waliomba, wawili kwa simu na mmoja kwa kumtuma dereva. Ombi lilikaa ofisini, mezani kwake, siku nne. Katika siku hizo nne wapokeaji walikuwa na laktomita tu, na laktomita haioni uchachu. Wakanusa. Kati ya lita 2,380 zilizokataliwa mwezi mzima, 1,400 zilikuwa za siku hizo nne.

Hapo slaidi ya tisa ikafunguka. “Kutozingatiwa kwa taratibu” kulikuwa kunawafunika watu wawili kwa blanketi moja: wapokeaji walionusa badala ya kupima, na ofisi iliyowaacha bila cha kupimia. Mbele ya bodi blanketi lile halikumwumiza mtu. Mbele ya wapokeaji wenyewe walioomba, “tulikosea” ingesikika kama meneja anawagawia kosa lake, tena kwa sauti ya upole, jambo ambalo nadhani ni baya kuliko kuwakaripia.

Nikamwambia wazi kwamba sentensi hiyo siwezi kuigeuza bila yeye kukubali “ni” ya “nilichelewa”. Alisitasita, akasema nimwachie usiku mmoja. Asubuhi akaniandikia mwenyewe: “Alkoholi iliisha, mkaniomba, nikachelewa siku nne. Siku hizo mlitumia pua, na lita 1,400 zilirudi.” Sikubadilisha hata neno. Angalia viambishi: mkaniomba, nikachelewa, mlitumia. Kila mmoja amebeba mzigo wake, na hakuna kivumishi hata kimoja cha kulaumu.

Neno “pua” lilitoka wapi? Hii ni hatua ambayo ningeifanya tangu mwanzo. Baada ya jaribio bovu, nilimwomba meneja aniambie habari yote kwa mdomo, kama anavyomwambia dereva wakiwa njiani, nami nikamrekodi kwa ridhaa yake. Dakika sita tu. Katika dakika hizo hakusema “jamani” hata mara moja. Si neno lake. Husema “sasa sikieni”. Alisema “keni imerudi”, hakusema “yamekataliwa”. Na katikati alisema, kama anajisemea, “Pua haipimi. Pua inakwambia maziwa yameoza, haikwambii yameanza.” Maneno hayo mawili ya kwanza yakawa kichwa cha slaidi. Ningekaa mwezi nisingeyapata, na hata ningeyapata, kinywani mwake yangesikika ya kuazima. Mtu akisoma uchangamfu wa mwenzake, wasikilizaji hujua mara moja.

Sasa madumu. “Tujitahidi kupunguza” niliyoiandika ilikuwa imekula amri. Dumu la mdomo mwembamba mkono hauingii kulisugua, mabaki hujibanza kwenye mikunjo, na maziwa ya kesho huambukizwa na ya jana. Hilo si jambo la kujitahidi. Lakini “ni marufuku” nayo ina harufu ya ubao wa getini. Tulitua kwenye kukanusha kwa kawaida tu: “Maziwa ya kwenye dumu hatuyapokei.” Inasemwa kama mtu anavyosema hapa kwetu hatuli nyama Ijumaa. Hakuna kelele ndani yake na hakuna mwanya pia. Mtu akisikia “tujitahidi” anaelewa kwamba leo inaweza kushindikana. Akisikia “hatuyapokei” anajua mambo yalivyo.

Kanuni niliyojiwekea kuanzia hapo ni kuangalia kila “lazima”, “marufuku” na “itapaswa” ya bodi, niulize kama bado ni lazima kikaoni. Ikiwa ndiyo, sentensi mpya ilainishwe mahali pengine popote, isilainishwe kwenye kitenzi. Zilikuwa nne. Moja ilianguka kabisa kwa sababu ilihusu taarifa za robo mwaka ambazo wapokeaji hawaandiki.

Kulikuwa pia na sentensi ambazo hazikuhitaji kusemwa na meneja hata kidogo; zilihitaji kusemwa na mpokeaji kwa mfugaji. Slaidi ya 12 ilisema: “Elimu itolewe kwa wafugaji kuhusu sababu za kukataliwa kwa maziwa.” Itolewe na nani, saa ngapi, kwa maneno gani? Saa kumi na mbili asubuhi, mvua ya Rungwe inanyesha, mama ametembea na ndoo yake kilomita mbili, na mpokeaji anapaswa kumrudisha. Hapo ndipo joto la maneno linapohitajika, kuliko kikaoni. Tukaiondoa sentensi yote, mahali pake tukaandika maneno ya kusema: “Mama, tazama mwenyewe kichupa, yameganda. Leo siwezi kuyamimina na ya wenzako. Ng'ombe ametoka kuzaa, au kiwele kimevimba?”

Swali hilo la mwisho lilitoka kwenye ufundi. Si maziwa yaliyochacha peke yake yanayogandishwa na alkoholi. Maziwa ya siku za kwanza baada ya kuzaa huganda, na ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yanaweza kuganda pia. Mpokeaji akisema “umeleta maziwa yaliyochacha”, huenda akawa amemsingizia mtu aliyekamua nusu saa iliyopita. “Yameganda” ni kitu kinachoonekana na wote wawili. Maneno ya upole hapa yamekuja kwa kuwa sahihi.

Asilimia nazo zilinisumbua. Kila anayefundisha kuongea atakwambia uigeuze asilimia 14 iwe “keni moja kati ya saba”, nami nilifanya hivyo haraka nikafurahi. Dereva, ambaye meneja alimwonjesha rasimu, ndiye aliyeiangusha. Alisema yeye anabeba keni kila siku, na wiki ya kwanza ya mwezi ule karibu hakurudisha kitu. Alikuwa sahihi. Asilimia 14 ilikuwa wastani wa mwezi, na mwezi wenyewe ulikuwa na siku nne mbaya zilizopokea lita 2,240 na kurudisha 1,400, kisha siku 26 zilizogawana lita 980. “Moja kati ya saba” inachora picha ya keni inayorudi kila siku, picha ambayo hakuna aliyeiona. Watu waliokuwapo hawaambiwi wastani wa siku walizoziishi. Tukaandika namba mbili tu kwa tarakimu kubwa, 1,400 kwa siku nne na 980 kwa siku 26, na meneja akaachiwa kuzieleza.

Hizo ndizo namba zilizobaki ukutani. Sentensi nyingi nilizihamishia kwenye sehemu ya maelezo ya msemaji chini ya slaidi, pale penye neno `Notes`, ili wasikilizaji waone machache na wasikie mengi. Slaidi iliyojaa maneno ya mazungumzo bado ni waraka. Watu watasoma, msemaji atasoma, na hakuna atakayeongea. Kutoka 18 zikabaki sita.

Iliyonikosesha usingizi ni slaidi ya 14, jedwali la vituo vidogo vitano na lita zilizorudi kwa kila kimoja. Kwenye bodi lilikuwa jedwali zuri kuliko vyote. Nilipanga kulibakiza, maana ni namba tupu, halina lugha ngumu wala laini. Ndipo nikahesabu: vituo vitano, wapokeaji watano. Mbele ya bodi, kituo cha chini kabisa kwenye jedwali kilikuwa jina la mahali. Mbele ya watu saba, kilikuwa dada aliyeketi kiti cha pili kutoka dirishani. Jedwali halikubadilika hata herufi, lakini kwa kuhamia chumba kidogo lilikuwa limegeuka kuwa kumnyooshea mtu kidole. Hakuna kichwa cha habari cha upole ambacho kingeliokoa.

Tuliliondoa. Kila mpokeaji alipewa kikaratasi chenye namba za kituo chake peke yake, mkononi, kabla ya chai. Na ndani ya slaidi zilizobaki, mahali palipogusa kituo kimoja mahususi, nilirudisha kutendwa kulekule nilikokukimbia: “Keni mbili zilimiminwa kabla ya kupimwa.” Kwa makusudi. Aliyezimimina anajijua, na meneja alikwisha kuongea naye. Kutendwa hakuna ubaya wa asili. Ubaya unaanza pale anayefichwa anapokuwa ndiye aliyeshika kalamu.

Kabla ya kikao tulifanya jaribio moja tu. Nilimwomba meneja anisomee yote kwenye simu huku nikiwa na karatasi, nikiweka alama kila alipovuta pumzi katikati ya sentensi na kila aliposema neno tofauti na lililoandikwa. Alama za kwanza zilionyesha sentensi ndefu, nilizikata. Za pili zilikuwa na thamani zaidi, kwa sababu kila mara ulimi wake ulipokataa neno langu, neno lake lilikuwa bora. Niliandika “tuchukue tahadhari”, akasoma “tuangalie”. Niliandika “endapo”, akasoma “kama”. Tulibadilisha maneno kumi na moja kwa njia hiyo.

Kikao sikuhudhuria, haya nimepewa na meneja na dereva, kila mmoja kwa upande wake. Dakika 40 zilikuwa saa moja na robo. Ile “nikachelewa siku nne” ilipotokea, hakuna aliyesema kitu, halafu mzee akasema, “Basi, mwanangu, tuendelee,” na wakaendelea. Kisha yakatoka ambayo hayakuwamo kwenye slaidi yoyote: laktomita ya kituo kimoja ina ufa na inaingiza maziwa ndani, kwa hiyo imekuwa ikisoma uongo, na mpokeaji aliona haya kusema akidhani atakatwa. Pia walipanga kwamba chupa ya alkoholi ikifika nusu, dereva aichukue bila kusubiri kuombwa.

Halikwenda sawa lote. Slaidi ya tano, ya usafi wa keni, meneja aliisoma kwa sauti yake ya bodi tangu mwanzo hadi mwisho, na dada wa keni, ambaye ndiye hasa aliyehusika, hakuuliza swali hata moja. Nilipoitazama tena niliona sababu. Sehemu hiyo hakuwahi kunieleza kwa mdomo. Katika zile dakika sita hakuigusa, nami niliibuni kutoka kwenye waraka. Ilikuwa ya upole na haikuwa ya mtu yeyote. Kama ningempigia simu dada mwenyewe, angeniambia maji ya moto anayapata saa ngapi na yanatosha keni ngapi, na slaidi ingeanzia hapo.

Mwisho wa mwezi meneja alirudi kwa bodi. Nilimuuliza alichukua slaidi zipi. Zile za zamani, akasema, za mazungumzo haziendi kule. Akanitumia niione ya tisa. Ilikuwa vilevile, kutozingatiwa na kupelekea na kipindi tajwa, ila baada ya “kutozingatiwa kwa taratibu za upimaji” alikuwa ameongeza: “kutokana na ofisi kuchelewesha alkoholi”.